Maswali na majibu: "Huenda" ipi ifutwe, ipi ibaki

Msimamizi wangu amezungushia duara kila "huenda" na "labda" katika sura ya matokeo, kisha akaandika pembeni: "Kuwa na msimamo." Sampuli yangu ni ndogo. Nikizifuta si nitakuwa nadanganya?

Ukizifuta zote kwa mkupuo, ndiyo, utakuwa umedanganya. Ila ukiziacha zote bado hujasema kweli yote, kwa sababu msomaji hatajua ni kitu gani hasa unachokitilia shaka. Tuchukue sentensi uliyoiambatisha:

"Matokeo yanaonekana kudokeza kwamba huenda kwa kiasi fulani usomaji wa vikundi unaweza kuwa umechangia kuongeza alama za ufahamu za wanafunzi."

Yanaonekana, kudokeza, huenda, kwa kiasi fulani, unaweza: maneno matano ya kujihami katika sentensi moja. Yote yanasema "sina uhakika", na hakuna hata moja linalosema kwa nini. Kwa hiyo usianze kwa kufuta. Anza kwa kuivunja sentensi vipande, kisha ukiulize kila kipande: hapa nina shaka na nini?

Kipande cha kwanza ni kile ulichokipima. Jedwali lako linaonyesha kuwa wanafunzi 42 waliosoma kwa vikundi walipata wastani wa alama 58, na wenzao 42 waliosoma kila mtu peke yake walipata 52. Hapo hakuna shaka yoyote. Limetokea, limehesabiwa, liandike kwa wakati uliopita bila kupepesa.

Kipande cha pili ni kama tofauti hiyo ya alama 6 ingeonekana pia kwa wanafunzi wengine. Hapa shaka ipo, lakini ina kipimo, na tayari umekikokotoa: kwa kiwango cha kujiamini cha asilimia 95, tofauti iko kati ya alama 1 na alama 11. Namba hizo mbili zinamwambia msomaji mengi kuliko "huenda" kumi. Anaona kuwa faida inaweza kuwa ndogo mno au kubwa sana, na anaamua mwenyewe aipe uzito gani.

Kipande cha tatu ndicho kigumu, nacho ndicho ambacho sentensi yako ilikizika. Je, ni vikundi vilivyoongeza alama? Umeeleza katika sura ya mbinu kwamba darasa la vikundi lilifundishwa na mwalimu mmoja na darasa la pili likafundishwa na mwingine. Basi tofauti yote hiyo inaweza kuwa ya mwalimu. Angalia vizuri kwamba ule upeo wa 1 hadi 11 haugusi shaka hii hata kidogo. Unapima bahati ya kupata wanafunzi hawa badala ya wale. Haujui lolote kuhusu walimu. Ungeongeza wanafunzi 200 katika madarasa hayohayo mawili, upeo ungekuwa mwembamba zaidi na shaka ya mwalimu ingebaki palepale.

Sasa andika upya:

"Wanafunzi waliosoma kwa vikundi walipata wastani wa alama 58, na waliosoma peke yao 52 (tofauti 6; upeo wa asilimia 95: 1 hadi 11). Kwa kuwa kila darasa lilikuwa na mwalimu wake, utafiti huu hauwezi kutenganisha athari ya vikundi na athari ya mwalimu."

Hakuna "huenda" hata moja, na bado shaka iliyokiriwa hapa ni kubwa kuliko ile ya sentensi ya mwanzo. Msimamizi wako atapata msimamo anaoutaka, nawe hujasema usichokijua.

Kuna "huenda" moja niliyoiona katika sura yako ya mjadala ambayo ningeitetea mbele ya jopo lolote: "Huenda mazungumzo ndani ya kikundi yaliwalazimu wanafunzi kurudia aya walizozipita haraka." Hayo ni maelezo ya sababu, hukuyapima, na unayatoa kama wazo la kujaribiwa. Iache. Ongeza tu kwamba mazungumzo hayo hayakurekodiwa, ili ajaye ajue aanzie wapi.

"Kwa kiasi fulani" nayo ni ya kufuta kama "huenda"?

Ni tatizo la aina nyingine. "Huenda" inahusu kama jambo lipo au halipo. "Kwa kiasi fulani" inahusu ukubwa wake. Ukiandika "mahudhurio yalipungua kwa kiasi fulani", hukuonyesha shaka, umeficha kipimo. Kama unakijua, kitaje: yalipungua kutoka asilimia 91 hadi 84. Kama hukijui, sema ulijuaje kuwa yamepungua: "walimu wanne kati ya watano waliohojiwa walisema mahudhurio yamepungua, daftari za mahudhurio hazikupatikana."

Ninayoihofia zaidi ni pale maneno haya mawili yanapoandamana, "huenda yalipungua kwa kiasi fulani". Msomaji hajui kama yalipungua, wala hajui kwa kiasi gani. Sentensi hiyo haiwezi kukosolewa kwa ushahidi wowote, na sentensi isiyoweza kukosolewa haina kazi katika tasnifu.

Basi nikiandika "utafiti umethibitisha" nitakuwa nimeupata huo uthabiti?

Hapana, hapo umevuka mto na kuingia upande mwingine wa maji. Utafiti mmoja wa madarasa mawili hauthibitishi kwamba njia fulani ya kufundisha inafaa. Chagua kitenzi kwa kuangalia ushahidi. "Tulipima" na "tuliona" ni vya jambo lililo kwenye data. "Yanaonyesha" kinafaa pale ushahidi unapoelekea upande mmoja na maelezo mengine yamejaribiwa na kukataliwa. "Yanaashiria" ni cha pale maelezo mengine bado yapo hai, na hapo yataje. Kitenzi kimoja kinatosha. "Yanaonekana kuashiria" ni kusema jambo moja mara mbili.

Tahadhari kubwa zaidi iwe pale matokeo yanapokosa kufikia kiwango cha kitakwimu, kwa sababu hapo watu hukosea pande zote mbili. Tuseme tofauti ni alama 3, upeo ni kutoka -1 hadi 7, na thamani ya p ni 0.14. Mmoja ataandika "kulikuwa na mwelekeo wa kiasi fulani wa kuongezeka", akijaribu kuokoa matokeo. Mwingine, aliyefundishwa kuwa na msimamo, ataandika "vikundi havina athari". Huyu wa pili amekata maneno vizuri na kusema uongo, maana upeo wake mwenyewe unaruhusu faida ya alama 7. Sentensi ya kweli ni hii: "Data hizi hazitoshi kutofautisha kati ya kutokuwa na athari na faida ya hadi alama 7." Haina neno la kujihami, wala haidai kisichojulikana.

Kwani msomaji haelewi nikisema "kuna uwezekano mkubwa"? Lazima kila kitu kiwe namba?

Anaelewa, ila anaelewa lake. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kuwa shambulio dhidi ya Yugoslavia lilikuwa "uwezekano wa kuzingatiwa kwa uzito". Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, alipoulizwa alisema yeye alimaanisha kama 65 kwa 35. Akawauliza wenzake waliolikubali andiko hilohilo, na majibu yakatawanyika kutoka 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wamekubaliana juu ya neno, si juu ya jambo.

Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lililitatua hilo kwa kuyafunga maneno kwenye viwango. Katika ripoti zake, neno la "kuna uwezekano" linamaanisha asilimia 66 hadi 100, "uwezekano mkubwa sana" asilimia 90 hadi 100, na "karibu hakika" asilimia 99 hadi 100. Nawe unaweza kufanya hivyo pale unapokadiria uwezekano wa jambo: eleza maana ya maneno yako mara moja katika sura ya mbinu, kisha usiyabadilishe ili kuremba lugha. Pale usipokuwa na msingi wa kutoa asilimia, usiibuni. Namba isiyo na chanzo ni mbaya kuliko "pengine".

Mimi niko historia, sina takwimu wala upeo. Nifanyeje?

Kanuni haibadiliki: taja shaka inatoka wapi. Umeandika, "Barua hii labda iliandikwa karibu na wakati wa njaa." Hiyo "labda" umeitoa wapi? Ukurasa unaofuata umeeleza kuwa barua haina tarehe, lakini inalalamikia bei ya nafaka kupanda na inamtaja liwali mpya. Basi anza na hayo: "Barua haina tarehe. Inamtaja liwali mpya, kwa hiyo haikuandikwa kabla ya uteuzi wake. Malalamiko juu ya bei ya nafaka yanalingana na miezi ya njaa, ingawa bei ingeweza kupanda kwa sababu nyingine." Umetoa mpaka mmoja ulio thabiti na dokezo moja lililo dhaifu, na msomaji anaona lipi ni lipi. "Labda" ilivichanganya.

Nina kurasa 140 na wiki moja. Nizitafute vipi?

Tumia kitafutio cha programu yako ya kuandikia, neno moja kwa wakati: huenda, labda, pengine, yamkini, inaonekana, kiasi fulani, namna moja au nyingine. Kisha tafuta mzizi "weza", kwa sababu shaka nyingi imejificha katika "inaweza" na "yanaweza". Usibadilishe zote kwa amri moja. "Mwanafunzi anaweza kusoma aya bila kusaidiwa" inazungumzia uwezo, na hapo hakuna shaka ya kuondoa. Viambishi "-nge-" na "-ngali-" kitafutio kitakuletea takataka nyingi, hivyo vitafute kwa macho katika sura ya mjadala tu.

Kwa wiki moja, anza na ikisiri, sura ya matokeo na hitimisho. Kila unaposimama, jaribu kumalizia sentensi kwa "kwa sababu". "Huenda wazazi hawakuelewa dodoso, kwa sababu swali la tano lilirukwa na wengi": sababu ipo, iandike, na utaona "huenda" yenyewe inabaki au inajiondokea. Kama huna cha kuweka baada ya "kwa sababu", na jambo lenyewe umelipima, futa. Kama huna cha kuweka na hukulipima, basi kinachotakiwa kuondoka ni dai lote.