Leso za Mtaa wa Biashara: akope au asikope?

"Kesi ya darasani: mama anauza leso Mombasa, faida ghafi ni shilingi 100 kwa doti. Akope 120,000 za kuongeza mali? Riba asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote, miezi 12. Naona ni nafuu."

Ndugu yangu, hiyo riba si nafuu. Kila mwezi atalipa 10,000 za deni na 1,800 za riba, jumla 11,800. Hiyo 1,800 haipungui hata deni likibaki 10,000, kwa hiyo gharama halisi inakaribia asilimia 32 kwa mwaka, si 18.

Sasa gawanya 11,800 kwa 100: lazima auze doti 118 zaidi kila mwezi, juu ya anazouza leo. Hapo ndipo kesi inapoamuliwa. Tafuta ushahidi kwamba wateja huondoka kwa kukosa mali. Kama leso zinalala rafuni, mkopo utaongeza rundo tu.

Angalia pia miezi mikavu baada ya Idi. Akianza kulipa kwa pesa za mauzo badala ya faida, mali itapungua huku deni likiendelea. Mimi ningependekeza akope 40,000 kabla ya msimu, apime mauzo. Kama ni mama wa kweli, mkataba usomwe na mhasibu kwanza, hasa ada na dhamana.