Hiyo "lo" usiifute

Wengi wanaorekodi nyimbo za kubembeleza watoto huku Mtwara na Lindi huharibu wimbo wakati wa kuuandika. Wakikuta "lo" au "aa" hudhani ni kigugumizi au kosa la kuchapa, wakaifuta. Kabla hujafuta, hesabu mizani.

Chukua beti hii tuliyoitunga kwa mfano:

La-la mwa-na, la-la, lo-lo
Ma-ma yu-ko sha-mba, lo-lo
A-o-ko-ta, lo, ko-ro-sho

Kila mstari una mizani 8. Mlezi humpigapiga mtoto mgongoni mara 4, kofi moja kwa kila mizani mbili, kwa hiyo makofi huangukia mizani ya 1, 3, 5 na 7. Kiswahili nacho hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: MA-ma, SHA-mba, ko-RO-sho. Katika mstari wa pili mkazo wote umekutana na kofi, na "lo-lo" imejaza nafasi iliyobaki.

Utamu uko kwenye mstari wa tatu. Pale "lo" iko katikati, inashika mizani ya 5 na kuisukuma "korosho" mbele, ili RO ipate kofi la 7. Ihamishie mwisho, "aokota korosho, lo": mizani bado ni 8, lakini RO imeangukia ya 6, katikati ya makofi mawili. Mwimbaji atalazimika kutamka "KO-ro-SHO", au mkono utachelewa. Kwa hiyo idadi peke yake haitoshi. Angalia na mkao.

Sauti iliyojitokeza kwa bahati mbaya utaijua kwa kurudia. Rekodi wimbo huohuo mara 3. "Lo" ya kukusudia itarudi palepale kila mara. "Mm" ya kukaza kanga, au "ee" ya kumwitikia jirani, haitarudi, na mara nyingi mkono husita inapotokea. Ukiwa bado na shaka, mwombe mama aimbe bila hiyo silabi. Kama ilikuwa na kazi, atavuta irabu ya nyuma kuziba pengo, au atakwama.

Usiharakishe kuandika "haina maana". Silabi isiyo na maana kwa Kiswahili inaweza kuwa neno kamili kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Muulize mwimbaji mwenyewe, na umuulize kwa lugha yake.

Wakati wa kuchapa, zima kisahihishi cha maneno kwenye simu, maana "lo-lo" hugeuzwa neno jingine usipoangalia. Andika kwa herufi ndogo, tenga silabi kwa kistari, na usiweke alama ya mshangao. Ukiandika "Aokota, lo! korosho", msomaji ataona mama aliyeshtuka kukuta korosho chini ya mkorosho.