Omba radhi kwa ulivyooa, si kwa uliyemwoa

Msomaji mmoja mwenye kwao Marangu ameniandikia. Alifunga ndoa bomani, Dar es Salaam, kwa sababu mzee wake hakutaka binti wa kabila jingine, na tangu hapo hawasemezani. Sasa ameandika barua ya kurasa nne, anauliza aitume au aache.

Hiyo asiitume. Karibu yote ni kujitetea, na msamaha wenyewe umekaa hivi: "Kama nilikukosea nisamehe, lakini hata wewe baba..." Akifika kwenye "kama", mzee ataona mwanawe hajakubali kosa. Kwenye "lakini" ataikunja.

Kisheria kijana hana kosa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haibatilishi ndoa kwa kuwa mahari haikutolewa. Lakini mzee hadai sheria. Anadai kwamba hakutuma washenga kwenda kuposa, na kwamba habari alizipata kwa majirani. Hilo ndilo la kuombea radhi. Ukiomba radhi kwa kumwoa mkeo, umemkana kwa maandishi, na barua kama hizi wazee huzitunza.

Ukurasa mmoja wa mkono unatosha: "Shikamoo baba. Nilioa bila kukupa nafasi ya kuniposea kama mzazi. Ulisikia kwa watu kabla hujasikia kwangu. Nilikukosea, naomba unisamehe." Kisha habari moja tu. Kama mtoto wa kwanza wa kiume amepewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya Wachaga, mwambie hivyo bila kuongeza neno. Ukianza kulieleza litasikika kama hongo. Malizia na ombi moja: akupangie siku uende kumsalimia.

Mbebaji ana uzito kuliko mwandiko. Asiwe mama, maana ataambiwa alikuwa anajua siku zote. Mtume baba mdogo au mzee wa ukoo anayesikilizwa, na kwa Wachaga aende na jani la isale mkononi. Aliyeletewa isale ni vigumu kukataa kusamehe. Ila kama mzee ameshika dini kiasi cha kuyaona hayo mambo ya mizimu, isale litamkasirisha; mbebaji aulizwe kwanza, yeye ndiye anayemjua. Wala usiipige barua picha ukamtumia kwa WhatsApp. Itafika kwenye grupu la ukoo kabla hajamaliza kuisoma.

Barua ifike mwezi wa tisa au wa kumi. Desemba nyumba imejaa watu na mbege, na mzee akibanwa mbele yao atakataa hata lile ambalo angelikubali akiwa peke yake.

Jibu la maandishi usilitegemee. Akimuuliza mbebaji, "Huyo mtoto yuko darasa la ngapi?", amejibu, omba siku kupitia mbebaji huyohuyo. Akikataa kuipokea, isiachwe mezani kwa nguvu. Mbebaji arudi nayo, ajaribu tena siku nyingine akiwa na mzee mwenzake.