Ukurasa wa 2 ulipokwenda kukaa nafasi ya 56

Nyinyi mlioanza juzi kazi ya kuskani na kuchapa hapa Tabora, jambo hili siku ya kwanza hamtafundishwa, kwa sababu siku ya kwanza mtapewa barua ya kurasa tatu au cheti cha kuzaliwa. Kasoro ninayotaka kuwaeleza, ya kompyuta kuvuruga mpangilio wa kurasa zenye namba, haionekani mpaka kazi ifike ukurasa wa kumi. Mimi niliikuta nikiwa na miezi minne kazini, na ilinikuta na leja ya kurasa 143.

Leja yenyewe ilikuwa ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Katibu wao, mzee mmoja mtaratibu sana, aliileta ikiwa imeanza kuachia gundi, akataka nakala moja ya kompyuta na nyingine ya karatasi iliyofungwa spairo. Tuliskani karatasi moja moja mchana kutwa. Programu ya skana ikawa inatoa majina yenyewe: ukurasa1.pdf, ukurasa2.pdf, hadi ukurasa143.pdf. Nikafungua folda kwenye kompyuta ya mapokezi, ya Windows, nikaona mafaili yamejipanga 1, 2, 3 bila dosari. Nikahamia kompyuta ya nyuma, ya Ubuntu, nikayaunganisha kwa amri hii:

```
pdfunite ukurasa*.pdf daftari.pdf
```

Nikafungua daftari.pdf. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sawa, na idadi ilikuwa 143 kamili. Nikachapa, nikafunga, nikapokea hela.

Baada ya siku mbili mzee alirudi. Hakugomba. Aliweka daftari mezani, akafungua mwanzo, akasema: "Mwanangu, huyu chini hapa anadaiwa mbolea. Nikigeuza karatasi, deni lake limepotea na kuna watu wengine kabisa." Katika leja, jumla ya chini ya ukurasa huhamishiwa juu ya ukurasa unaofuata. Jumla ya ukurasa wa 1 haikuwepo juu ya karatasi ya pili, kwa sababu karatasi ya pili ilikuwa ukurasa wa 10. Ya tatu ilikuwa ukurasa wa 100. Ukurasa wa 2 tuliukuta nafasi ya 56.

Ile 56 haikuja kwa bahati mbaya, na ukielewa ilikotoka umelielewa jambo zima. Kompyuta isipoambiwa vingine hupanga majina kama kamusi inavyopanga maneno. Kamusi haijali urefu wa neno. "Asali" hutangulia "ua" ingawa "ua" ni fupi, kwa kuwa a iko kabla ya u na mashindano yanaishia hapo. Kwa macho hayo, 10 si kumi. Ni alama ya 1 ikifuatwa na alama ya 0, basi. Inaposhindanishwa na 2, alama ya kwanza ya kila upande hutazamwa: 1 dhidi ya 2. Moja imetangulia, hukumu imetoka, na ile sifuri ya nyuma haikuulizwa kitu.

Kwa hiyo kila jina lenye namba inayoanza na 1 lazima lipite kabla ya 2. Hesabu mwenyewe: kuna 1 yenyewe, kuna 10 hadi 19 ambazo ni kumi, na kuna 100 hadi 143 ambazo ni 44. Jumla ni 55. Ukurasa wa 2 unapata nafasi ya 56, na mwisho wa foleni anasimama 99, kwani hakuna namba yenye tarakimu kubwa mbele kuliko hiyo.

Hapo mmepata na kipimo cha kugundua. Msitazame ukurasa wa kwanza wala idadi, kwa maana vyote viwili huwa sahihi hata mambo yakiwa yameharibika. Tazameni wa pili na wa mwisho. Wa pili ukiwa 10, au wa mwisho wa kazi ndefu ukiwa 99 au 9, simamisheni printa. Na mkitaka kujaribu amri mpya, msijaribu kwa kurasa tano. Zikiwa tisa au pungufu, mpangilio wa kamusi na mpangilio wa hesabu hufanana kabisa, mtajisifu bure.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nimeona kwa macho yangu 1, 2, 3. Baadaye ndipo nikajua kwamba dirisha la folda na amri ni watu wawili tofauti. Dirisha la folda la Windows, tangu toleo la XP la mwaka 2001, husoma tarakimu zilizofuatana kama namba moja, hivyo 10 inakuja baada ya 9. Huo ndio mpangilio wa asili, yaani ule ambao mtu angeupanga kwa mkono. Lakini hiyo ni adabu ya dirisha lile tu, haijaandikwa ndani ya mafaili. Nilipoandika ukurasa*.pdf kwenye Ubuntu, ile nyota ilitanuliwa kwa mtindo wa kamusi, na pdfunite ikaunganisha kwa utaratibu ule ule iliopokea. Haina kosa. Haikuambiwa kwamba hizo ni kurasa za kitabu.

Dawa ya haraka kwenye Ubuntu ni kuomba orodha ipangwe kiasili kabla ya kuunganisha. Amri ya ls ina swichi ya -v inayofanya hivyo:

```
pdfunite $(ls -v ukurasa*.pdf) daftari.pdf
```

Kwanza andikeni ls -v ukurasa*.pdf peke yake mwone orodha. Njia hii ina udhaifu mmoja: jina likiwa na nafasi ndani yake, kama "ukurasa 1.pdf", litakatwa vipande viwili na amri italalamika kwamba haioni faili. Kulalamika ni afadhali kuliko kukaa kimya, lakini mjue sababu.

Mkiwa mnaandika programu yenu ndogo, kazi ni kulikata jina mahali maneno yanapokutana na tarakimu, kisha tarakimu zigeuzwe kuwa namba halisi. Kwa Python, orodha ya mafaili ikiwa tayari imewekwa kwenye majina:

```python
import re

def ufunguo(jina):
    vipande = re.split(r'(\d+)', jina)
    return [int(k) if k.isdigit() else k.lower()
            for k in vipande]

majina.sort(key=ufunguo)
```

Jina ukurasa10.pdf linakuwa vipande vitatu: 'ukurasa', 10, '.pdf'. Sasa 10 inashindana na 2 kama namba, na 2 inatangulia inavyostahili. Yale mabano yanayozunguka \d+ msiyaache, maana bila hayo Python hukata jina na kuzitupa tarakimu zenyewe, mkabaki na maneno matupu. Na jina likianza na tarakimu, mfano 2.pdf, kipande cha kwanza kinakuwa neno tupu lisilo na herufi. Linaonekana la ajabu, ila linasaidia: kila mara neno hukutana na neno, namba hukutana na namba, na Python haigombi kwamba umeilazimisha ilinganishe vitu visivyolingana.

Hata hivyo, siku hizi mimi sitegemei mpangaji awe mwerevu. Nakala ya mteja itafunguliwa kwenye simu ya mtu au kompyuta ya ofisi nyingine, na huko sijui nani anapanga vipi. Napenda majina yenyewe yawe salama hata kwa mpangaji wa kamusi: namba zote ziwe na tarakimu sawa, kwa kujaza sifuri mbele. 002 hutangulia 010, na 010 hutangulia 100, upange kwa kamusi au kwa hesabu. Kwenye Ubuntu, baada ya kusakinisha kifurushi cha rename, naandika hivi:

```
rename -n 's/(\d+)(?=\.pdf$)/sprintf("%03d",$1)/e' ukurasa*.pdf
```

Swichi ya -n haibadilishi kitu, inaonyesha tu majina yatakavyokuwa. Nikiridhika naiondoa na kurudia. Kile kipande cha (?=\.pdf$) kinasema nataka namba iliyo mwisho, inayogusana na .pdf. Nilikiongeza baada ya kazi moja ambayo majina yake yalianza na mwaka, kama 2019-ukurasa7.pdf. Amri yangu ya zamani iliishika namba ya kwanza iliyoiona, yaani 2019, ikaona tayari ina tarakimu za kutosha, na 7 ikabaki 7. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye skrini.

Kuna na karatasi za kubandika. Mtu aliyeandika leja akisahau jambo hubandika kipande, nasi tunakiita ukurasa14b.pdf. Amri hiyo ya juu itakiruka, kwa sababu 14 yake imefuatwa na b wala si .pdf. Kitabaki 14b wakati wenzake wamekuwa 014 na 015, na kwenye mpangilio wa kamusi kitakwenda nyuma ya 143. Badilini iwe (?=[a-z]?\.pdf$), kisha mhakikishe kwa -n.

Idadi ya sifuri ipimeni kabla ya kuanza. Mkijaza tarakimu mbili na leja ikafika karatasi 100, mnarudi pale pale: 100 itakaa kabla ya 11.

Na mpangilio wa asili wenyewe msiupe kazi isiyo yake. Tarehe zilizoandikwa kwa kuanza na siku zinaushinda. Barua ya 3-1-2020 utaiweka mbele ya ile ya 12-11-2019, kwa sababu unaona 3 na 12 na unaridhika. Andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, vyote kwa tarakimu kamili: 2019-11-12. Namba zenye nukta pia. Kilo 1.5 na kilo 1.25 utazisoma kama moja na tano, moja na ishirini na tano, ukaitanguliza 1.5 kana kwamba ndiyo ndogo.

Daftari la mzee tulilichapa upya kwa karatasi zetu, akalikagua jumla kwa jumla hadi ukurasa wa 143 nikiwa nimesimama pembeni. Programu ile ya skana haikujua kujaza sifuri, lakini ilikuwa na sehemu ya kuchagua namba ya kuanzia. Nikaweka 1001. Ukurasa wa kwanza ukawa 1001, wa mwisho 1143, kila jina tarakimu nne, na hakuna wa kutangulia asipopaswa. Alipoleta leja ya msimu uliofuata akachungulia skrini, akaniuliza kurasa elfu moja za mwanzo nimezipeleka wapi.