Kosa la O(h²) lina maana gani ukiwa na namba mkononi?

*"Wakuu, kila kitabu kinasema 'kosa ni O(h²)' au 'kosa ni sawia na mraba wa hatua', halafu kwingine naona o(h) kwa herufi ndogo. Naweza kukariri, ila sijui hasa naambiwa nini. O(h²) ni kosa la kiasi gani? Na o ndogo inaongeza nini?"*

Mkuu, mimi hizi herufi zilinikaa kichwani siku niliyokosea hesabu ya tangi, kwa hiyo nitakujibu kwa tangi hilohilo.

Nilipewa kazi ya kutengeneza jedwali la fimbo ya kupimia mafuta: fimbo ikisoma kimo fulani, tangini kuna lita ngapi. Tangi ni la duara, limelazwa, nusu kipenyo mita 1, urefu mita 4, ncha zake bapa. Kwenye kimo z kutoka chini, upana wa uso wa mafuta ni w(z) = 2√(2z − z²). Nikagawa kimo katika vipande vya unene h, ambao ndio hatua, kila kipande nikakihesabu kama trapeza (wastani wa pana mbili mara h), nikajumlisha, nikazidisha kwa mita 4. Nilikuwa nimesoma kwamba kosa la trapeza ni O(h²), nikatulia.

Anza na sehemu yenye adabu, yaani kutoka kimo cha nusu mita hadi mita 1. Jibu kamili lipo kwa sababu ni duara, kwa hiyo kosa linaonekana wazi. Kwa h = 0.25 nilipungukiwa lita 23.9. Kwa h = 0.125, lita 6.0. Kwa h = 0.0625, lita 1.5. Kila nikikata hatua nusu, kosa linabaki robo. Hiyo ndiyo "sawia na mraba wa hatua" ikiwa kazini: hatua ikigawanywa kwa 2, kosa linagawanywa kwa 4, ikigawanywa kwa 10, kosa linagawanywa kwa 100.

Lakini ona kitu ambacho O(h²) yenyewe haikukwambia: zile lita 24 zimetoka wapi. Kosa hapa ni takriban 385h², h ikiwa katika mita. Hiyo 385 ndiyo namba ya kudumu iliyofichwa ndani ya O. Inatokana na jinsi mteremko wa w unavyobadilika kati ya ncha mbili za eneo unalohesabu, na ina vizio vyake. Ukipima h kwa sentimita inageuka kuwa 0.0385. Kwa hiyo swali lako "ni kosa la kiasi gani" halijibiwi na O. O inajibu swali jingine: nikipunguza h, kosa litapungua kwa mwendo gani? Mbinu mbili zote za O(h²) zinaweza kutofautiana mara elfu kwa ukubwa wa kosa.

Kwa lugha kali, "kosa ni O(h²)" maana yake ipo namba C ambayo kosa halizidi C·h² kwa kila h iliyo ndogo vya kutosha. Ni dari, si kipimo. Kosa linalokwenda kama h³ nalo ni O(h²), kwa sababu liko chini ya dari hiyohiyo. "Sawia na h²" ni dai zito zaidi, maana linasema kosa linaifuata h² kwelikweli. Watu wengi, vitabu vikiwemo, huandika la kwanza wakimaanisha la pili. Na ile alama ya = katika "kosa = O(h²)" isikuchanganye: isome "kosa ni mojawapo ya", kwa sababu huwezi kuigeuza upande.

Sasa aibu yangu. Nilipohesabu kuanzia sakafu ya tangi, kimo 0 hadi mita 1, jibu sahihi ni lita 6,283. Haya ndiyo niliyopungukiwa:

```
h = 0.25      lita 291.8
h = 0.125     lita 103.5
h = 0.0625    lita  36.7
```

Kama ingekuwa O(h²), baada ya 292 ningetarajia 73, halafu 18. Badala yake kosa linagawanyika kwa 2.8 tu kila mara. Nilipoteza siku nzima nikitafuta kosa la uchapaji kwenye Excel. Fomula zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa sharti ambalo sikulisoma: dai la O(h²) kwa trapeza linataka mchoro uwe laini hadi kwenye ncha zake, na chini kabisa ya tangi upana unaanza sifuri na kupanda wima, kama √z.

Angalia kipande cha kwanza peke yake. Umbo la √z juu ya upana w na unene h lina eneo la theluthi mbili za h·w. Trapeza yangu, ambayo hapo ni pembetatu, inalipa nusu tu. Pengo ni sehemu moja ya sita ya h·w, na w yenyewe inakwenda kama √h. Kwa hiyo pengo linakwenda kama h·√h, yaani h^1.5, na 2^1.5 ni 2.83. Ndiyo ile 2.8 niliyokuwa naiona! Kwa h = 0.0625, kipande hicho kimoja kilibeba karibu lita 30 kati ya zile 36.7.

Na hapo ndipo o ndogo inapoeleweka. "Kosa ni o(h)" maana yake ukiligawa kosa kwa h, jibu linaelekea sifuri, bila kuahidi linaelekea upesi kiasi gani. Gawa makosa yangu ya tangi kwa h: 1167, 828, 587. Yanashuka. Yagawe kwa h²: 4668, 6627, 9390. Yanapanda na hayatasimama. Kosa langu ni o(h), na si O(h²). Ndiyo maana unaiona o ndogo kwenye maana ya mteremko, f(x+h) = f(x) + f′(x)h + o(h): hapo tunajua tu kwamba mteremko upo, basi masalia yanakufa haraka kuliko h. Ukitaka kuandika O(h²) badala yake, lazima ujue zaidi juu ya f, kwa mfano kwamba mteremko wake wa pili upo na una mpaka.

Kwa hiyo ukikuta dai la namna hii, hesabu kwa h, h/2 na h/4, ugawanye makosa. Usipojua jibu sahihi, chukua tofauti ya jibu la kwanza na la pili, igawe kwa tofauti ya la pili na la tatu. Uwiano utaelekea palepale. Ila usikate h bila kikomo. Ikiwa ndogo mno, makosa ya kompyuta ya kukadiria desimali yanatawala na uwiano unaanza kurukaruka.

Jedwali langu nililirekebisha kwa kugawa pembe badala ya kimo: z = 1 − cos θ. Mchoro ukawa 2 sin²θ, laini kote, na kwa nusu tangi hata vipande vinne vilitoa lita 6,283 kamili. Hiyo ya mwisho ni bahati ya duara. Ukijaza hadi kimo kingine kisichofika juu kabisa, utarudi kwenye robo, robo, robo.