Mipaka na Vikwazo vya Utafiti: Eleza Data Imeelemea Upande Gani

Nilipoandika tasnifu yangu ya umahiri, sehemu ya vikwazo katika sura ya tatu niliimaliza kwa sentensi moja: muda na fedha havikutosha. Msimamizi wangu aliipigia mstari na kuandika pembeni, "Hili limeathiri nini katika data yako?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sentensi ile ingeweza kuwekwa katika tasnifu ya mtu yeyote.

Nilikuwa nikichunguza jinsi walimu wa sayansi wa kidato cha pili wanavyochanganya Kiswahili na Kiingereza darasani, katika shule nne za serikali mkoani Morogoro. Shule binafsi niliziacha kwa uamuzi wangu, kwa kuwa wanafunzi wake wengi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, ilhali wenzao wa serikali wengi huanza kufundishwa kwa lugha hiyo wanapoingia kidato cha kwanza. Huo ni mpaka wa utafiti, nao huandikwa pamoja na sababu yake. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba "sikuweza kuzifikia shule binafsi", na hivyo nikaufanya uamuzi wenye hoja uonekane kama jambo lililonishinda.

Kikwazo halisi kilikuwa kuwapo kwangu darasani. Walimu wanajua kwamba sera inataka Kiingereza sekondari, kwa hiyo wakiniona nimekaa nyuma na daftari walijibana. Mwalimu mmoja wa kemia alimaliza kipindi cha kwanza bila neno la Kiswahili, kufikia kipindi cha tatu alikuwa akisema, "Maji yakichemka, hizi molekuli zinaachana." Hapo ndipo nilipoona kwamba data ya siku ya kwanza haikuwa picha ya darasa la kawaida.

Katika rasimu iliyofuata, nilieleza tukio hilo waziwazi, kisha nikaeleza hatua niliyochukua: nilimfuatilia kila mwalimu kwa vipindi vinne na kukiondoa cha kwanza katika uchambuzi. Sikudai kwamba tatizo limekwisha, kwani huenda baadhi yao waliendelea kujizuia. Sentensi iliyonisaidia zaidi ilikuwa ile iliyosema athari hiyo inaelekea wapi, yaani kwamba kiasi cha Kiswahili nilichorekodi huenda ni kidogo kuliko kinachotumika nisipokuwapo. Kwa kuwa hoja yangu ilikuwa kwamba Kiswahili kinatumika sana, kikwazo hicho hakikuibomoa. Kama ningedai kwamba kinatumika kidogo, kikwazo hichohicho kingeiangusha, na ningelazimika kusema hivyo.

Baada ya hapo nilirudi sura ya tano nikiwa na sura ya tatu mkononi. Nilikuta nimeandika "walimu wa sekondari nchini Tanzania". Nikafuta na kuandika "walimu wanane niliowafuatilia".