Ankara ileile, akaunti mpya: dola 13,020 zilivyotuponyoka

Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Tunaicheka, tunaifuta. Mimi nilikuwa naicheka pia, hadi siku iliponijia ikiwa imevaa suti: ankara ya PDF yenye nembo, muhuri mwekundu na namba sahihi ya kontena letu. Hiyo sikuifuta. Niliilipa.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la vigae Kariakoo. Mzigo wetu unatoka Foshan, mji wa viwanda vya vigae kusini mwa China, na tunalipa kama waagizaji wengi wanavyolipa. Unatanguliza asilimia 30, kiwanda kinatengeneza, mzigo ukipakiwa melini wanakutumia nakala ya hati ya shehena, ile tunayoiita BL, unamalizia asilimia 70, ndipo wanaachia hati yenyewe. Mzigo ule ulikuwa wa dola 18,600. Tulishatanguliza 5,580, zikabaki 13,020.

Alhamisi jioni ikaingia baruapepe. Haikuja peke yake kama mgeni. Ilikaa chini ya mazungumzo yetu ya miezi miwili, maneno yangu mwenyewe yakiwa hapo juu yake. Ilisema akaunti yao ya kawaida inakaguliwa na watu wa kodi, kwa hiyo tumalizie kwenye akaunti yao ya Ulaya. Ankara ilikuwa ileile hadi senti, imebadilika mistari mitatu tu ya benki. Nikaingiwa na wasiwasi kidogo, nikajibu: mna uhakika? Dakika kumi baadaye nikapata jibu la upole, pamoja na barua yenye sahihi na muhuri. Ijumaa asubuhi nikapeleka fomu benki.

Hilo ndilo kosa ninalojilaumu kuliko mengine yote. Nilidhani nimehakikisha. Kumbe nilimwuliza mwizi kama yeye ni mwizi, akaniambia hapana.

Jumanne dada wa mauzo wa kiwanda akaniandikia WeChat: meli imekaribia, salio mnalipa lini? Nikakaa chini.

Nilipoifungua tena ile ankara nikiwa na hofu, nikaona vitu ambavyo siku ya Alhamisi vilikuwa mbele ya macho yangu. Kwanza, anwani ya mtumaji. Jina la kiwanda lina neno ceramic, lakini kwenye anwani ile lilikuwa cerarnic. Herufi r na n zikisogeleana kwenye skrini ya simu zinasomeka kama m. Ukitaka kuiona tofauti, fungua kompyuta, nakili anwani uibandike mahali penye maandishi makubwa, kisha ulinganishe na ya ankara ya zamani. Pili, akaunti mpya ilikuwa na IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, inayoanza na PL, yaani Polandi. China haitumii IBAN kabisa. Hata msimbo wa SWIFT, ule unaoitambulisha benki, unasema nchi: herufi ya tano na ya sita ndizo za nchi, CN kwa China, HK kwa Hong Kong. Nilikuwa najaza fomu hizo kwa miaka na sikuwahi kuzisoma herufi hizo.

Ila niseme ukweli, dalili hizi si za kutegemea peke yake. Viwanda vingi halali vya China vinapokea hela Hong Kong, kwa hiyo HK haimaanishi wizi. Na mwizi akiwa ameingia ndani ya sanduku halisi la baruapepe la kiwanda, anwani itakuwa sahihi herufi kwa herufi. Utaikagua hadi kesho usione kitu.

Jina la mpokeaji nalo lilinidanganya. Fomu niliandika jina sahihi la kiwanda, nikaamini kwamba kama akaunti si yao hela itarudi. Tumezoeshwa vibaya na simu: ukituma hela kwa mtandao, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Kwenye hela ya kwenda nje huonyeshwi jina, na benki nyingi zinazopokea huingiza hela kwa kufuata namba ya akaunti. Jina unaloandika unaweza ukawa unajiandikia mwenyewe.

Tulikimbilia benki siku hiyohiyo. Ukifika, usiseme tu "nimetapeliwa". Omba watume ujumbe wa kurudisha malipo kwa sababu ya utapeli, na uombe nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo yako, maana una namba ya kufuatilia. Kisha nenda polisi, kitengo cha makosa ya mtandao, na namba ya jalada uipeleke benki. Kila saa ina thamani, kwa sababu hela ikifika huhamishwa haraka, na ikishatoka, benki ya kule haina cha kurudisha. Sisi tulikuwa tumechelewa siku nne. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: akaunti haina kitu. Tukalipa kiwanda mara ya pili, na kontena likawa limekaa bandarini likila gharama.

Bosi alikuwa na hakika kwamba kiwanda ndicho kilichovuja. Fundi wa kompyuta akaomba kuangalia sanduku letu kwanza. Kwenye mipangilio akakuta kanuni ambayo hakuna aliyeiweka: kila baruapepe yenye neno invoice au payment inapelekwa nakala kwenye anwani tusiyoijua, na zinazotoka kwa kiwanda chenyewe zinahamishwa kwenda folda ya RSS Feeds, ambayo nani huifungua? Barua halisi za yule dada zilikuwa zimelala humo. Nikakumbuka miezi kadhaa nyuma niliwahi kubofya "hati iliyoshirikiwa", ikaniomba nenosiri, nikaliweka. Na angalia hili: kubadilisha nenosiri hakuifuti kanuni ile. Lazima uingie uiondoe kwa mkono.

Sasa hivi dukani kwetu akaunti ikibadilika, malipo yanasimama hadi tuongee kwa sauti. Namba ya kupiga ni ile iliyo kwenye makaratasi ya zamani au niliyoihifadhi mwenyewe, kamwe si iliyoandikwa kwenye ankara mpya. Napiga mimi, sisubiri kupigiwa, kisha naomba anisomee akaunti tarakimu kwa tarakimu kutoka kwake, sio mimi nimsomee aseme "ndiyo ndiyo". Na hatupigi Ijumaa mchana: China wametutangulia saa tano, kule ofisi zimefungwa, na ukituma hela bila jibu umempa mwizi wikiendi nzima.

Mwaka jana mwenye nyumba wetu wa duka alituma meseji kutoka namba ngeni: kodi ya miezi sita ipelekwe akaunti nyingine, ya benki nyingine, jina la mwanawe. Dalili zote zipo. Nikapiga namba yake ya zamani, haipatikani. Bosi akasema tayari, wamerudi. Nikamfuata mzee nyumbani kwake Ilala na ankara mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta kodi?"

Simu yake ilikuwa imeibwa kwenye daladala, na akaunti kweli ni ya mwanawe, kwa sababu yeye miguu haimpeleki tena benki. Alinuna kidogo kwamba nimemshuku. Nikamwomba aandike barua aweke sahihi mbele yangu, akaandika, tukanywa chai, na jioni ile nikalipa.